Miksa ya dayodi nne inapovuja: kutoka dalili hadi chanzo

Tuchukue miksa yenye ulinganifu maradufu, ile ya dayodi nne na transfoma mbili, iliyojengwa kwa mkono. Mlango wa RF unapokea 9 MHz kwa nguvu ya −10 dBm. Mlango wa LO unapokea 5.1 MHz kutoka kwa osileta, +7 dBm. Mlango wa IF ndio wa kutokea, na kinachotakiwa pale ni 14.1 MHz, ambayo baadaye itakuzwa na kwenda kwenye antena.

Ukiunganisha kichanganuzi cha spektra kwenye mlango wa IF, unaona 14.1 MHz ipo, karibu −16 dBm, na mwenzake 3.9 MHz yuko sawa naye. Hadi hapo kazi ni nzuri. Lakini 5.1 MHz nayo imesimama kwa −27 dBm, na pale 15.3 MHz kuna mstari mwingine wa −37 dBm. Huo wa mwisho ndio unaopaswa kukunyima usingizi. 5.1 MHz iko mbali, kichujio chochote cha 14 MHz kitaiua. 15.3 MHz ni harmoniki ya tatu ya osileta hiyohiyo, iko megahezi 1.2 tu kutoka kwenye masafa unayoyataka, na kichujio cha kawaida cha koili mbili tatu kitaigusa kidogo tu. Ikipita, itakuzwa pamoja na ishara yako na kurushwa hewani.

Mwongozo huu unafuata dalili hiyo hadi kwenye chanzo chake, kisha unagusa dalili nyingine tatu ambazo huja na miksa za aina hii.

## Kwanza, kinachopaswa kutoka

Miksa inazidisha. Haijumlishi. Ukijumlisha 9 MHz na 5.1 MHz kwenye waya mmoja, yatatoka hayohayo mawili na basi. Ukiyazidisha, hesabu ya trigonometria inasema hivi:

```
cos a × cos b = ½ cos(a − b) + ½ cos(a + b)
```

Tazama upande wa kulia: a peke yake haipo, wala b peke yake. Kuna tofauti na kuna jumla. 9 − 5.1 ni 3.9, na 9 + 5.1 ni 14.1. Kwa hiyo miksa kamili haitoi masafa yoyote kati ya yale yaliyoingia, na mantiki yake ni nyepesi: ukiondoa ishara ya RF, unakuwa unazidisha osileta kwa sifuri, na jibu ni sifuri. Osileta inaweza kuwa na nguvu mara mia ya ishara, bado haitoki.

Dayodi nne hufanya kuzidisha huko kwa njia ya ubadilishaji. Ziko kwenye duara, kila moja ikifuata mkia wa mwenzake. Tuziite ncha za transfoma ya LO A na B, kiungo chake cha kati kikiwa kimeunganishwa na graundi. Ncha za transfoma ya RF ni C na D, na kiungo chake cha kati ndio mlango wa IF. Mshale ni uelekeo ambao mkondo unaweza kupita:

```
D1: A -> C
D2: C -> B
D3: B -> D
D4: D -> A
```

A inapokuwa chanya na B hasi, D1 na D2 zinapitisha. C iko katikati ya dayodi hizo mbili, na kwa kuwa A na B zimepanda na kushuka kwa kiasi kilekile, katikati yao ni sifuri. C imekuwa kama imeshikwa na graundi, ingawa haijaunganishwa nayo kwa waya. Ishara ya RF inatoka IF kama ilivyo. Nusu ya pili ya wimbi la LO, D3 na D4 zinapitisha, safari hii D ndiyo inayoshikwa na graundi, na ishara inatoka ikiwa imegeuzwa. Kwa hiyo IF inapata RF ikizidishwa kwa +1, halafu −1, halafu +1, kwa mwendo wa 5.1 MHz.

Kuzidisha kwa wimbi la mraba la namna hiyo kunatoa kila moja ya jumla na tofauti kwa ukubwa wa 2/π, yaani hasara ya 3.9 dB hata dayodi zikiwa kamilifu. Ukiongeza upotevu wa dayodi na transfoma, unafika karibu 6 dB. Ndiyo maana −10 iliyoingia inatoka −16. Namba hiyo ikae kichwani, kwa sababu inakuambia kwamba miksa yetu ya mfano inazidisha vizuri na ugonjwa wake uko mahali pengine.

## Uvujaji ni nini hasa

Uvujaji wa LO si kitu kingine zaidi ya kuzidisha kulekule, ila kwa namba ambayo haikupaswa kuwepo. Andika ishara kuwa s, na ulemavu mdogo wa sakiti kuwa δ:

```
(s + δ) × LO = s × LO + δ × LO
```

Kipande cha kwanza ndicho unachokitaka. Cha pili ni LO yenyewe ikitoka mlangoni, na ukubwa wake unalingana moja kwa moja na δ. Kwenye sakiti yetu, δ ni volteji yoyote inayobaki pale C au D wakati zilitakiwa kuwa sifuri. Swali la fundi linakuwa moja: ni nini kinaisukuma C au D itoke kwenye sifuri?

Vitu viwili ndivyo vikubwa. Ama dayodi mbili za upande mmoja hazifanani, ama A na B hazipandi na kushuka sawa. Vinaacha alama tofauti, na hapo ndipo utatuzi unapokuwa kazi ya kupima badala ya kubahatisha. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha dayodi zote nne mara tu wanapoona LO inatoka. Ni kupoteza dayodi nzuri na muda, maana kipimo kimoja cha DC kinatenganisha vyanzo hivi viwili kabla chuma cha kulehemu hakijapata moto.

Chukua D1 yenye volteji ya kupitishia iliyozidi ya D2 kwa milivolti 10. Katika nusu ambayo hizo mbili zinafanya kazi, C haikai sifuri bali inakaa −5 mV, nusu ya tofauti yao. Nusu nyingine ya wimbi, D iko sifuri safi. Kwa hiyo chanzo kinatoa −5, 0, −5, 0. Wastani wake ni −2.5 mV, na huo ni umeme wa DC. Uking'oa wastani, kinabaki wimbi la mraba la LO. Milango ya RF na IF ikiwa imefungwa kwa 50 Ω kila mmoja, volteji inagawanyika nusu kwa nusu: mlangoni IF utasoma karibu −1.25 mV za DC, na 5.1 MHz kwa karibu −46 dBm.

Sasa chukua dayodi zinazofanana kabisa, ila A inapanda zaidi ya B inavyoshuka. Nusu ya kwanza, katikati yao iko juu kidogo ya sifuri. Nusu ya pili A imekuwa hasi, nayo bado ndiyo kubwa, hivyo katikati iko chini ya sifuri kwa kiasi kilekile. Chanzo kinatoa +, −, +, −. Wastani ni sifuri. LO inavuja, lakini DC haipo.

Basi: LO inayovuja pamoja na DC inaelekeza kwenye dayodi. LO inayovuja bila DC inaelekeza kwenye transfoma ya LO, au njia nyingine zisizo za dayodi.

## Kupima DC mlangoni IF

Fungua kebo ya RF na uweke rezista ya 50 Ω badala yake. Weka nyingine mlangoni IF. Acha LO ikiwa imewashwa kwa nguvu yake ya kawaida. Sasa pima DC kwenye IF kwa maltimita, ila usiguse moja kwa moja: weka rezista ya 1 kΩ kati ya mlango na ncha ya mita, na kapasita ya 100 nF kutoka kwenye ncha hiyo kwenda graundi. Bila kichujio hicho kidogo, mita inaweza kudanganywa na 5.1 MHz inayoingia kwenye waya zake na kukuonyesha namba ambayo haipo.

Ukisoma chini ya milivolti moja, dayodi zimelingana vya kutosha. Milivolti mbili hadi tano ni dayodi zilizochaguliwa bila kupimwa. Makumi au mamia ya milivolti ni dayodi iliyokufa, iliyolehemiwa vibaya au iliyowekwa kinyume.

Alama ya chanya au hasi pia ina maana. D1 ikikatika, nusu ile inabaki na D2 pekee, ambayo inavuta C kuelekea B iliyo hasi. IF inasoma hasi. Ukifuata duara utaona D3 inafanya vivyo hivyo. Kwa mpangilio nilioutoa juu, DC hasi inashtaki D1 au D3, na chanya inashtaki D2 au D4. Umepunguza watuhumiwa kutoka wanne hadi wawili bila kulehemu chochote.

Ukilazimika kuchagua dayodi upya, zichague kutoka kundi moja la aina moja, mfano 1N5711, ukitumia kipimo cha dayodi cha maltimita. Mita nyingi hupitisha karibu milliampia moja na kuonyesha volteji. Zipange mezani, uziache zipoe, na uzipime bila kuzishika kwa vidole. Volteji ya dayodi hushuka kwa milivolti moja hadi mbili kwa kila nyuzi moja ya joto. Dayodi uliyoishika ikapanda nyuzi tano imehama kwa karibu milivolti 5 hadi 10, na tumekwisha kuona kwamba milivolti 10 ndiyo tofauti nzima tunayoitafuta. Utaona namba kwenye kioo ikiteremka taratibu unapoishika na kupanda tena unapoiachia. Subiri itulie ndipo uandike. Nne zilizo ndani ya milivolti mbili zinatosha kabisa.

Jambo dogo kuhusu mpangilio: kama umepata mbili zinazofanana sana na nyingine mbili zinazofanana sana, lakini jozi hizo hazilingani, weka jozi moja D1 na D2, nyingine D3 na D4. Kinachoweka C kwenye sifuri ni D1 na D2 kufanana wao kwa wao.

## Mfano wetu: DC haipo

Kwenye miksa yetu ya −27 dBm, mita inasoma 0.3 mV. Dayodi hazina hatia. Tunahamia kwenye transfoma ya LO.

Chukua osiloskopu yenye chaneli mbili. Ncha moja ya kupimia iguse A, nyingine B, zote zikiwa kwenye mpangilio wa ×10 ili zisiulemee mzunguko. Kabla ya kuamini chochote, gusa zote mbili mahali pamoja uone kama zinasoma sawa, la sivyo utaitibu transfoma kwa ugonjwa wa osiloskopu.

A na B ziko kinyume kama inavyotakiwa, na vichwa vya mawimbi vimekuwa bapa kwa sababu dayodi zinapitisha. A inafika 0.44 V. B inafika 0.40 V. Ukiiambia osiloskopu ijumlishe chaneli hizo, badala ya mstari ulionyooka unapata wimbi la 40 mV. Nusu yake, 20 mV, ndiyo inayobaki pale C na D.

Je, hiyo inatosha kueleza −27 dBm? Wimbi la mraba la 20 mV lina mpigo mkuu wa 4/π mara 20, yaani karibu 25 mV. Ukigawa kwa mbili kwa ajili ya mzigo unapata karibu 13 mV ya kilele, au 9 mV za wastani wa nguvu. Kwenye 50 Ω hiyo ni mikrowati 1.6, sawa na −28 dBm. Kichanganuzi kilionyesha −27. Tofauti ya desibeli moja inaingia kwenye makosa ya kusoma kilele kwa jicho. Chanzo kimepatikana, na hakuna sababu ya kutafuta kingine. Hata mstari wa 15.3 MHz umejieleza: harmoniki ya tatu ya wimbi la mraba ni theluthi ya mpigo mkuu, desibeli 9.5 chini yake, na −37 ndiyo tuliyoiona.

Tazama pia uwiano wa 0.44 kwa 0.40. Ni 1.1. Transfoma imesukwa kwa waya tatu zilizosokotwa pamoja, mizunguko 10 kwenye ringi ya ferriti FT37-43. Kumi kwa tisa ni 1.11. Nusu moja ya transfoma ina mzunguko mmoja pungufu.

Kosa hili linatokea kwa urahisi. Kwenye ringi, kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, na hakuna nusu mzunguko. Ukimaliza kusokota, waya tatu zinatoka upande uleule. Halafu unazifumua ili kuzipeleka kwenye bodi, na moja unairudisha kupitia tundu kwa sababu inafika vizuri zaidi ikitokea upande ule. Papo hapo umeondoa mzunguko mmoja kwenye waya huo. Shika transfoma kwenye mwanga, hesabu ndani ya tundu waya moja moja: mbili zina mipito kumi, moja ina tisa. Pitisha ule waya tena, lehemu, pima. Jumla ya A na B ikishuka hadi milivolti mbili, yaani mara ishirini chini ya ilivyokuwa, uvujaji nao unashuka desibeli 26, na 5.1 MHz inakuwa chini ya −50 dBm. Mstari wa 15.3 unazama hadi karibu −63, ambayo ni desibeli 47 chini ya 14.1 MHz hata kabla ya kichujio.

## Kama DC haipo na A na B ziko sawa

Hapo LO inapita njia ambayo si ya ubadilishaji wa dayodi, na mara nyingi ni kapasitansi ndogo kati ya waya wa LO na upande wa C, D au IF. Ina alama yake: hukua na masafa. Badili LO kutoka 5.1 hadi 10.2 MHz kwa nguvu ileile. Uvujaji ukipanda karibu 6 dB, ni kapasitansi. Ukibaki palepale, rudi kwenye dayodi na transfoma.

Kwa masafa yetu kapasitansi si adui mkubwa. Pikofaradi moja isiyo na mwenzake wa kuifuta, kutoka A hadi C, inapitisha kiasi cha −60 dBm tu kwa 5.1 MHz. Lakini ileile kwa 51 MHz inapitisha −40 dBm. Ndiyo maana miksa nzuri huwa na uzuiaji wa LO wa desibeli 50 au zaidi kwa masafa ya chini na ukaporomoka kadiri unavyopanda. Tiba yake ni mpangilio wa sehemu: transfoma mbili ziwekwe mbali na zielekee pande tofauti, waya wa A na wa B viwe na urefu sawa, na dayodi zisilale upande mmoja karibu na njia ya LO.

Na kabla ya kulaumu miksa kwa uvujaji wa −60 dBm, chomoa kebo ya kichanganuzi kutoka IF na uiache karibu bila kuunganishwa, ncha yake ikiwa imefungwa kwa 50 Ω. Mstari wa 5.1 MHz ukibaki, LO inaingia kwa hewa au kwa waya wa umeme wa osileta, na hakuna transfoma itakayoirekebisha.

## Dalili ya pili: 9 MHz inatoka IF

Hapa LO imefungwa vizuri lakini ishara ya RF inapita bila kubadilishwa. Hesabu ni ileile, ila ulemavu umehamia upande wa pili:

```
s × (LO + ε) = s × LO + ε × s
```

Miksa yenye ulinganifu upande mmoja tu, ya dayodi mbili na transfoma moja, inazuia ingizo moja na kuliachia lingine. Ulinganifu maradufu unazuia yote mawili, lakini unahitaji +1 na −1 ziwe sawa kwa ukubwa na kwa muda. Wastani wa kubadilishabadilisha huko ndio ε.

Chanzo ninachokishuku kwanza ni osileta yenye wimbi la mraba lisilogawanyika sawa. IC nyingi za kutengeneza masafa hutoa mraba moja kwa moja, na watu huupeleka kwenye miksa bila kuupima. Ukikaa juu asilimia 55 ya muda na chini asilimia 45, wastani ni 0.10. Ukilinganisha na 0.64 ya bidhaa ya kweli, 9 MHz inatoka desibeli 16 tu chini ya 14.1 MHz. Asilimia 52 kwa 48 ni desibeli 24. Osiloskopu inaonyesha hili wazi, na kichanganuzi pia: mraba uliogawanyika sawa hauna harmoniki ya pili, kwa hiyo 10.2 MHz iliyosimama imara kwenye LO yako ni ushahidi. Kichujio cha kupitisha masafa ya chini kati ya osileta na miksa kinarudisha wimbi kuwa laini. Njia nyingine ni kuzalisha 10.2 MHz na kuigawa kwa mbili kwa flip-flop, ambayo hutoa nusu kwa nusu hata ikilishwa mraba mbovu.

Wimbi la LO likiwa safi na 9 MHz bado inatoka, kagua transfoma ya RF kama tulivyofanya kwa ile ya LO. Mzunguko mmoja uliokosekana kati ya kumi unafanya kuzidisha kuwe +1 na −0.9, na 9 MHz inatoka desibeli 22 chini ya bidhaa.

## Dalili ya tatu: hakuna uvujaji, lakini ishara ni hafifu

Pima LO kwanza. +7 dBm kwenye rezista ya 50 Ω ni 1.4 V kutoka kilele hadi kilele. Ipime kwenye rezista, sio kwenye miksa, kwa sababu dayodi zinapopitisha zinakata vichwa vya wimbi na kusoma pale kunapotosha. LO ikishuka sana, dayodi hazifunguki kabisa, hasara inaongezeka kutoka 6 dB kuelekea 10 na zaidi, na ishara kubwa inaanza kuharibika kwa sababu yenyewe inashindana na LO kuziendesha dayodi.

Kama hasara ni kubwa mno, 20 dB na kuendelea, shuku uunganishaji wa kiungo cha kati. Mwisho wa waya wa pili unatakiwa uungane na mwanzo wa waya wa tatu. Ukiunganisha mwanzo kwa mwanzo, A na B zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na dayodi hazina tofauti ya volteji ya kuziwasha. Kipimo cha upinzani hakitaona kosa hilo hata kidogo. Osiloskopu kwenye A na B italiona mara moja.

## Dalili ya nne: hasara inabadilika ukihamisha masafa

LO iko sawa, ulinganifu uko sawa, lakini 14.1 MHz inapanda na kushuka desibeli kadhaa unaposogeza LO kidogo, au unapobadilisha urefu wa kebo. Tatizo liko nje ya miksa. Kumbuka kwamba 3.9 MHz inatoka kwa nguvu ileile. Ukiwa umeweka kichujio cha 14 MHz moja kwa moja mlangoni IF, 3.9 MHz inagonga ukuta, inarudi ndani, na inazidishwa tena na LO. 3.9 na 5.1 zinatoa 9, na hiyo 9 mpya inaingiliana na ile unayoilisha, kwa kusaidia au kwa kupinga kutegemea urefu wa njia.

Jaribio lake ni fupi. Weka kipunguza nguvu cha 3 dB kati ya IF na kichujio. Ishara ikishuka desibeli 3 kamili, mlango ulikuwa umefungwa vizuri tangu mwanzo, kitoe. Ikishuka moja tu, au ikipanda, mlango ulikuwa unarudisha nguvu. Ukiweza kuvumilia hasara, kiache hapohapo. Usipoweza, tumia kichujio cha njia mbili kinachopeleka 14 MHz mbele na kuielekeza 3.9 MHz kwenye rezista ya 50 Ω ikaishie huko.